Meza Nene Iliyokuwa Tupu Ndani: Uchambuzi wa Kisa cha Mkono wa Monita, Klampu na Bolti ya Tundu

Usuli

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, katika nyumba ya mhariri wa picha ambaye hufanyia kazi zake chumba cha nyuma. Jina lake, mtaa wake na duka alilonunulia samani nimeviacha, kwa kuwa havibadilishi funzo lolote lililomo. Mimi ni fundi wa samani za ofisini na niliitwa baada ya tatizo kuanza, si siku ya kwanza.

Mteja alikuwa na monita ya inchi 27, yenye uzito wa kilo 6 bila stendi yake. Aliiondoa kwenye stendi akaifunga kwenye mkono wa springi ya gesi, ule wenye viungo viwili unaoruhusu skrini kusogezwa mbele, nyuma na pembeni kwa kidole. Mkono wenyewe ulikuwa na kilo 3, na maelezo yake yalisema unabeba skrini ya kilo 2 hadi 9. Kwa upande wa uzito, basi, hakukuwa na kosa.

Ndani ya boksi la mkono kulikuwa na njia mbili za kuufunga, kama ilivyo kwa mikono mingi ya aina hii. Ya kwanza ni klampu, ambayo hushika ukingo wa meza kwa taya mbili: bamba pana linakaa juu ya meza, na chini yake kuna kisahani kidogo kinachosukumwa juu na skrubu nene ya kukaza. Ya pili ni bolti inayopita kwenye tundu la meza, yenye bamba juu na bamba jingine dogo chini linalokazwa kwa nati. Klampu ilikubali meza ya unene wa milimita 10 hadi 60, na bolti ilikubali unene usiozidi milimita 45 na tundu lisilozidi kipenyo cha milimita 60.

Meza ilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na unene wa milimita 40. Uso wake ulikuwa mweupe wa melamini, umelala juu ya fremu mbili za pembeni za chuma bila paipu ya kuziunganisha kwa nyuma. Katikati, karibu na ukingo wa nyuma, ilikuwa na tundu la kupitishia waya la milimita 60. Kwa vipimo vya kwenye boksi, meza hii ilifaa kwa klampu na ilifaa pia kwa bolti. Mteja alichagua klampu kwa kuwa haihitaji kupindua meza, na aliifunga mwenyewe kwa muda usiozidi nusu saa.

Dalili, na jinsi zilivyosomwa vibaya

Wiki ya kwanza skrini ilitikisika kidogo kila alipoandika kwa kasi. Wiki ya pili aliona kwamba anapoivuta skrini hadi ukingo wa mbele, ili mteja wake aliyeketi pembeni aone picha, inakaa chini kuliko alivyoiweka. Alidhani springi ya gesi imelegea, jambo ambalo kila mtu angelidhani, kwani ndiyo sehemu inayobeba skrini. Akachukua alen ki iliyokuja na mkono akaongeza mkazo wa springi. Skrini ikapanda, lakini sasa ilipokunjwa karibu na nguzo ilitaka kupanda yenyewe, na ilipovutwa mbele bado ilionekana imeinama. Akaikaza klampu pia. Siku tatu baadaye alinipigia simu.

Nilipofika nilifanya jambo moja kabla ya kugusa skrubu yoyote: niliweka pima maji ndogo kwenye nguzo ya mkono, ile paipu fupi inayosimama juu ya klampu. Nguzo ilikuwa imelala kuelekea mbele. Kipimo hicho kimoja kinatenganisha makosa mawili yanayofanana sana machoni. Nguzo ikiwa wima na skrini inashuka, springi ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Nguzo ikiwa imeinama, springi haina hatia, na kinachoachia kiko chini, kwenye klampu au kwenye meza yenyewe.

Kisha niliingia chini ya meza na tochi. Kisahani cha klampu kilikuwa kimezama kwenye uso wa chini kwa takriban milimita 2, zaidi upande wa ndani kuliko upande wa ukingoni, na melamini ilikuwa imechanika kwa umbo la nusu duara kukizunguka. Milimita 2 ni kitu kidogo mno kwa macho, lakini hesabu yake si ndogo. Kutoka kwenye kisahani hadi ncha ya mbele ya bamba la juu, pale mkono unapoegemea unapotaka kuanguka, palikuwa na sentimita 5 hivi. Skrini ikivutwa mbele inakuwa sentimita 50 kutoka kwenye nguzo, yaani mara kumi ya umbali huo. Kwa hiyo milimita 2 zilizozama pale chini zinajitokeza kwenye skrini kama sentimita 2 za kushuka, na ndizo hasa mteja alizokuwa akiziona.

“Fundi, meza hii ina unene wa vidole viwili,” aliniambia. “Inawezaje kubonyea?”

Niligonga uso wa meza kwa kifundo cha kidole, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Ukingoni ilitoa sauti fupi na kavu ya mbao. Baada ya sentimita tatu na nusu hivi sauti ilibadilika ghafla ikawa ya ngoma. Nilitoa plastiki ya tundu la waya nikamulika ndani, na hapo jibu likaonekana kwa macho: juu na chini kulikuwa na hadibodi ya milimita 3 tu, na katikati yake karatasi ngumu iliyokunjwa kwa vyumba vidogo vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Chipbodi ilikuwepo kwenye ukanda mwembamba unaozunguka kingo peke yake. Katikati ya kisahani cha klampu palikuwa sentimita 4 kutoka ukingoni, hivyo sehemu yake ilikaa kwenye mbao na sehemu iliyobaki, ile ya ndani, ilikaa juu ya karatasi. Ndiyo sababu kilizama upande mmoja, na ndiyo sababu kila alipokikaza kilizama zaidi.

Si haki kusema kwamba meza za namna hii ni mbovu. Bao lenye ngozi mbili ngumu na sega katikati halipindiki kirahisi, na kwa mzigo uliotandaa, kama vitabu, kompyuta ya mapajani na viwiko vya mtu, linafanya kazi vizuri likiwa jepesi sana. Udhaifu wake ni mmoja: mzigo unaokusanyika mahali padogo. Na mkono wa monita, kwa njia yoyote ile utakayoufunga, ni mzigo unaokusanyika mahali padogo.

Uamuzi wa kwanza: kubaki na klampu na kutandaza nguvu

Mteja hakutaka kununua meza nyingine, na ombi hilo lilikuwa la busara, kwa hiyo tulianza na kilicho rahisi. Kwa fundi wa kuchomelea nilikatiwa mabamba mawili ya chuma ya sentimita 15 kwa 10, unene wa milimita 4, moja la kukaa juu ya meza, chini ya bamba la klampu, na jingine la kukaa chini ya meza, juu ya kisahani, kila moja likiwa na mpira mwembamba upande wa meza. Lengo lilikuwa nguvu isiishie kwenye kisahani chenye kipenyo cha sentimita 5, bali isambae, na upande mrefu wa bamba ukafuata ukingo ili sehemu kubwa iwezekanayo ikanyage ukanda wa chipbodi.

Hali iliboreka. Nguzo ilisimama wima na ikabaki hivyo skrini ilipokuwa imekunjwa karibu na ukingo wa nyuma, mahali inapokaa saa nyingi za siku. Ila skrini ilipovutwa mbele, mtikisiko haukuisha. Nilibandika kipande cha karatasi yenye mistari ya milimita ukutani nyuma ya kona ya juu ya skrini, nikamwomba mteja aandike kwa kasi yake ya kawaida. Kona ilicheza milimita 8 hivi, ikachukua sekunde mbili au tatu kutulia. Kwa mtu anayekagua ncha za nywele na kingo za vitambaa kwenye picha, hilo halivumiliki. Ukanda wa chipbodi ulikuwa mwembamba kuliko bamba, na nusu ya ndani ya bamba ilikuwa bado inakanyaga ngozi ya milimita 3 inayobonyea na kurudi kama godoro.

Uamuzi wa pili: bolti kwenye tundu la waya

Hapa ndipo nilipokosea, na sababu ya kosa inafaa kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa nimeiona kwa mafundi wengine pia. Tunaamini kwamba bolti ni imara kuliko klampu kwa asili yake. Inapita katikati ya meza, haishiki ukingo, haiwezi kuteleza, na ukiitazama inakupa moyo. Niliona tundu la milimita 60 lipo tayari, kipenyo kiko ndani ya kikomo, unene uko ndani ya kikomo, na sikuwa na haja ya kutumia drili. Bamba dogo la chini lililokuja na mkono lilikuwa na upana wa milimita 50, ambalo lingepita kwenye tundu na kutoka, kwa hiyo nilitumia moja ya mabamba yangu baada ya kulitoboa katikati kwa ajili ya bolti ya milimita 10.

Nilianza kukaza nati. Katika meza ngumu, nati hupita hatua tatu ambazo mkono unazijua: inazunguka bure, inagusa, kisha ndani ya robo mzunguko inakataa. Hii haikukataa. Iligusa, nikaendelea, ikaendelea kuzunguka kwa upinzani uleule laini kama mtu anayekamua sifongo. Nilisimama nikapima unene wa meza karibu na tundu kwa kalipa. Ulikuwa milimita 38. Ngozi mbili zilikuwa zinavutana na sega katikati yake lilikuwa linapondeka. Nililegeza mara moja, na mbonyeo wa juu ukarudi nusu tu.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba tundu la waya liko mbali na ukanda wa chipbodi. Klampu angalau ilikuwa imeshika ukingo, mahali pekee penye mbao katika meza ile. Bolti niliipeleka kwenye sehemu tupu kabisa. Kwa meza hii mahususi, njia iliyosifiwa kuwa imara ilikuwa dhaifu kuliko ile iliyoshindwa.

Tulijadili njia ya kuokoa tundu lile. Inawezekana kukata sega kwa kisu kupitia tundu, kuingiza vipande vya mbao ngumu vya unene wa milimita 34 vilivyopakwa gundi, na kuvipanga kulizunguka hadi pawepo na kiini kigumu cha sentimita 20 hivi. Nimewahi kuona kazi ya namna hiyo ikifanyika vizuri. Lakini vipande vinavyoingizwa gizani kwa vidole viwili huwezi kuwa na hakika kwamba vimegusa ngozi zote mbili, na hadibodi ya milimita 3 ingebaki kuwa ndiyo inayoshika kila kitu. Mteja aliuliza swali lililomaliza mjadala: kama kazi hiyo ikishindwa baada ya miezi mitatu, nitaijuaje kabla skrini haijaanguka? Sikuwa na jibu la kuridhisha.

Uamuzi wa tatu: bao jipya, na kuchagua tena

Tuliamua kuacha fremu za chuma na kubadilisha bao la juu peke yake. Plaiwudi ya milimita 18 huuzwa kwa shiti ya futi 8 kwa 4, ambayo inatoa vipande vinne vya sentimita 120 kwa 60. Tulinunua nusu ya shiti, yaani vipande viwili, tukavigandisha kwa gundi ya mbao chini ya mzigo kwa usiku mzima, tukapata bao la milimita 36 lisilo na uwazi wowote ndani. Lilipigwa msasa, likafungwa kingo na kupakwa vanishi pande zote, pamoja na chini, maana katika hewa ya unyevunyevu ya pwani upande usiopakwa hunyonya maji na bao hujikunja.

Tulimwomba pia mchomeleaji aunganishe fremu mbili za pembeni kwa paipu ya mraba ya milimita 25. Mtikisiko mwingine tuliokuwa tukiulaumu mkono ulikuwa unatoka hapo: meza yote ilikuwa ikiyumba kulia na kushoto, na nguzo ndefu iliyosimama juu yake inaukuza mwendo huo. Paipu ile ilipangwa iwe sentimita 12 kutoka ukingo wa nyuma. Kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha. Taya ya klampu iliingia sentimita 7 chini ya meza, na paipu ikisogezwa hadi ukingoni, kama zilivyo nyingi, klampu hukosa mahali pa kukaa na mtu hulazimika kwenda kwenye bolti hata kama hakutaka.

Sasa swali la mwanzo likarudi likiwa safi, kwa kuwa meza ilikuwa ngumu kila mahali. Nilipiga hesabu mbele ya mteja juu ya kipande cha boksi. Skrini ya kilo 6 ikiwa sentimita 50 mbele, na mkono wa kilo 3 ambao uzito wake uko wastani wa sentimita 20 mbele, vinaleta jumla ya 360 kwa kipimo cha kilo mara sentimita. Nguvu hiyo inazuiwa na kisahani kilicho sentimita 5 nyuma ya egemeo. Gawanya 360 kwa 5 unapata 72. Yaani skrini ya kilo 6 inasukuma uso wa chini wa meza kwa nguvu sawa na uzito wa mtu mzima aliyesimama juu ya kisahani cha kipenyo cha sentimita 5, na hapo hujaongeza nguvu ya kukaza. Skrini ikikunjwa hadi sentimita 15 kutoka kwenye nguzo, na uzito wa mkono nao ukirudi hadi sentimita 8 hivi, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 23 hivi.

Hesabu ya bolti ikanishangaza mimi mwenyewe nilipoiandika kando. Bamba lake la juu lilikuwa na upana wa sentimita 10 na bolti iko katikati, kwa hiyo kutoka kwenye bolti hadi egemeo la mbele ni sentimita 5 zilezile, na mvuto kwenye bolti ni kilo 72 zilezile. Bolti haipunguzi nguvu. Inachobadilisha ni mahali inapokaa: imezungukwa na bao pande zote, na bamba la chini laweza kuwa pana kadiri upendavyo.

Kwa plaiwudi ya milimita 36, kilo 72 juu ya kisahani kile si tishio. Kwa hiyo tulichagua klampu, kwa sababu tatu alizozitaja mteja mwenyewe baada ya kuiona hesabu: haitoboi bao jipya, inaweza kuhamishwa kulia au kushoto siku akinunua skrini ya pili, na ikilegea ataiona na kuikaza bila kulala chali chini ya meza. Bamba moja la chuma tuliliacha chini ya taya, si kwa lazima bali kwa kuwa lilikuwepo na linazuia alama.

Matokeo

Niliipima tena kwa karatasi ileile ya milimita. Skrini ikiwa imevutwa mbele kabisa, kona ya juu ilicheza chini ya milimita 2 wakati wa kuandika na ikatulia papo hapo. Ikiwa imekunjwa, sikuweza kusoma mwendo wowote. Springi tuliirudisha kwenye mkazo wake wa awali, ambapo skrini inabaki popote unapoiacha. Baada ya wiki moja nilirudi na pima maji. Nguzo ilikuwa wima, na skrubu ya klampu ilikubali chini ya robo mzunguko, jambo la kawaida kwa mpira mpya unaojipanga. Baada ya miezi minne mteja alinitumia picha ya pima maji aliyoiweka mwenyewe, na kiputo kilikuwa katikati.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuusoma unene kana kwamba ni ugumu. Boksi lilitaja unene kwa sababu unene ndio unaoamua kama taya zitafunguka vya kutosha na kama bolti itafika upande wa pili. Halikuahidi chochote kuhusu kilichomo ndani. Meza ya milimita 40 yenye sega ilishindwa kazi ambayo bao gumu la milimita 18 lingeifanya bila kubonyea. Namna ya kujua haihitaji kifaa. Kugonga kunatosha mara nyingi, na uzito unathibitisha: bao la meza ile lilikuwa na kilo 7 tu, ilhali chipbodi ngumu ya ukubwa na unene uleule ingekaribia kilo 19. Bao tuliloliunda lilikuwa na kilo 16 hivi. Ukiweza kulibeba bao nene kwa mkono mmoja kama sinia, usilifungie mkono wa monita kabla hujalichungulia ndani.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni pima maji kwenye nguzo. Bila hiyo tungeendelea kuizungusha springi, na mteja alikuwa karibu kuurudisha mkono dukani ukiwa mzima. Kilichofaa kwa kiasi ni mabamba ya chuma. Ningeyapendekeza bila wasiwasi kwa mtu mwenye meza ya sega ambaye skrini yake ni ndogo na haivuti mbele, mradi ukanda wa mbao ukingoni uwe mpana wa kutosha kulibeba bamba. Kwa mteja huyu, aliyehitaji sentimita 50 kamili, hayakutosha.

Kosa langu la kupeleka bolti kwenye tundu la waya lisichukuliwe kuwa ushahidi dhidi ya bolti. Zipo hali ambazo ningeichagua bila kusita. Meza ya chipbodi ngumu ya milimita 25, kwa mfano, ni imara kwa ndani lakini ukingo wake ni dhaifu: chembe zake hubanduka pale taya inapobana karibu na ncha, hasa kama maji yamewahi kuingia. Hapo tundu lililo sentimita 8 au 10 kutoka ukingoni, lenye bamba pana chini, linatulia zaidi. Ila tundu jipya kwenye chipbodi litobolewe kutoka upande wa juu huku kipande cha mbao kikiwa kimebanwa chini ili melamini isimeguke, na kuta zake zipakwe gundi au vanishi kabla ya bolti kuingia, kwa kuwa chembe zilizo wazi hunyonya unyevu, huvimba, na mkazo ulioweka leo hupotea. Mbao ngumu kama mninga au mvule inakubali njia zote mbili, na sababu ya kusita kuitoboa ni kwamba tundu halirudi nyuma. Kioo ni habari nyingine kabisa. Klampu inakibana mahali padogo hadi kipasuke, na kioo kilichotiwa ugumu kiwandani hakitobolewi tena, kwa sababu kinasambaratika chote. Huko nafunga mkono ukutani.

Jambo la mwisho ambalo nusura tulisahau ni ukuta. Klampu hupitisha mgongo wake nyuma ya ukingo, na kwa mkono huu ulihitaji sentimita 2 na nusu, kwa hiyo meza haikai kabisa kwenye ukuta. Kiwiko cha mkono nacho hurudi nyuma ya nguzo skrini inapokunjwa, kikagonga ukuta. Mteja alikuwa na nafasi ya kuivuta meza sentimita 10 mbele. Angekuwa na chumba chembamba ambamo meza lazima iguse ukuta, ningetoboa plaiwudi ile sentimita 9 kutoka ukingo wa nyuma, mbele kidogo ya mahali klampu inapokaa sasa na nyuma ya paipu, na kisa hiki kingeishia kwenye bolti.